Ujumbe Usioomba Kitu

Namuria alikuwa mtu wa kushuku. Hakushuku kwa roho mbaya. Alishuku kama watu wengine wanavyopiga chafya, bila kukusudia. Ukimsalimu "ejok" kwa Kiturkana, kwanza ataitazama mikono yako aone umebeba nini, ndipo aitikie. Miaka ishirini ya kuuza makaa kwa wakimbizi wa Kakuma ilikuwa imemfunza hivyo. Aliwahi kubadilishana gunia zima kwa unga uliojaa mchanga. Aliwahi kuuziwa kuku mgonjwa aliyekata roho kabla hawajafika nyumbani, na betri za tochi ambazo hazikuwaka hata siku moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Namuria alikuwa ameumwa na nyoka wa kila rangi.

Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei, katika kanisa lao dogo la mabati ng'ambo ya mto Tarach, mchungaji aliwataka kina mama wote wasimame. Leo ni siku yenu, alisema, na wanaume wakaanza kupiga makofi. Namuria aliganda kwenye benchi.

"Tukisimama tu, tutaombwa kitu," alimnong'oneza jirani yake.

Jirani akamvuta mkono, naye Namuria akasimama shingo upande. Makofi yakapigwa, wimbo ukaimbwa, mama mmoja akatoa machozi. Kisha mchungaji akatangaza kwamba kwa kuwa kina mama ni nguzo ya kanisa, wao ndio watakaochota maji ya kujengea choo kipya wiki nzima. Namuria alimgeukia jirani yake akamtazama mpaka yule mama akainamisha kichwa.

Kutoka kanisani alivuka mto, ambao wakati huo ulikuwa mchanga mtupu, akaingia kambini hadi dukani kwa Hoodo. Hoodo alikuwa Msomali aliyefika Kakuma akiwa msichana, akazalia hapo, akafungulia hapo duka la sukari, tambi na leso. Juu ya paa alikuwa na sola, na chini ya meza alikuwa na waya nyingi za kuchajia simu za watu. Simu ya Namuria, mulika mwizi yenye kioo kilichopasuka, ililala hapo kila Jumamosi ikachukuliwa Jumapili. Kati ya watu wote wa kambini Hoodo ndiye pekee ambaye Namuria alimwamini, na hata huyo alimwamini upande mmoja.

"Mama Ebenyo, iko message yako hapa," Hoodo alisema. "Ndefu sana. Imeingia asubuhi, tii, tii, tii, nikadhani simu imeharibika."

"Ya nani?"

"Namba mimi hapana jua."

"Basi futa."

"Ngoja kwanza, nisome."

Namuria hakujua kusoma. Barua na ujumbe vilimfikia kupitia midomo ya wengine, na hilo lilikuwa sababu nyingine ya kushuku, kwa sababu mdomo wa mtu huweza kuongeza chumvi au kupunguza. Kwa hiyo Hoodo aliposoma, Namuria alisimama karibu, akamtazama macho aone kama yanaruka mistari.

Ujumbe ulisema hivi:

"Mama, ejok. Ni mimi Ebenyo wako. Hii ni namba yangu mpya, simu ya zamani iliibiwa. Anayekusomea, namwomba asome polepole na asiruke kitu. Leo huku Nairobi ni siku ya kina mama na kila mtu anamwandikia mama yake. Mama, asante. Asante kwa ule mwaka wa kiangazi ulipochoma makaa mpaka nyusi zikaungua, ukatuambia umezinyoa. Asante kwa shanga za shingo yako ulizouza safu moja moja nipate kumaliza shule, ukisema zinakuwasha. Nakumbuka asubuhi zile nikiwa mdogo, ulikuwa unanifuata nikienda shule, mpaka mtoni, unasimama kwenye ule mti ukidhani sikuoni. Nilikuona. Hukusema kitu. Kwa sababu ya asubuhi hizo mimi niko hapa nilipo. Usihangaike juu yangu. Siombi kitu chochote. Nilitaka tu ujue. Mtoto wako, Ebenyo."

Hoodo alimaliza akavuta pumzi, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. Watoto wake watatu walikuwa Minnesota, na kwa mwaka walimpigia mara mbili.

Namuria yeye alikunja uso. "Mwizi," alisema.

"Mwizi gani sasa?"

"Simu imeibiwa, namba ni mpya, ni mimi mtoto wako. Si hivyo ndivyo wanaanza? Yule mama wa Lorugum aliandikiwa hivyo hivyo, akauza mbuzi mbili akatuma. Mtoto wake alikuwa amelala ndani ya nyumba yake mwenyewe!"

"Lakini mwizi anasema tuma. Huyu anasema hataki kitu."

Hapo Namuria aliitazama tena simu. Ni kweli; tapeli hajisumbui kuandika maneno marefu hivyo asiombe hata senti. Tena habari ya nyusi ni ya nyumbani mwao. Mwaka ule alikuwa amefukua tanuru la makaa kabla halijapoa, moto ukamlamba usoni, naye akawadanganya watoto kwamba amenyoa kwa sababu ya chawa. Tapeli wa Nairobi angejuaje nyusi za mama wa Kakuma?

Basi ni yeye, mwanawe wa pekee aliyebaki. Na kama ni yeye, shaka ya Namuria haikufa, ilihama tu makao. Kwao mtoto hasimami mbele ya mama yake akamhesabia wema mmoja baada ya mwingine. Mtoto akishukuru huleta sukari au tumbaku, akaiweka chini, akaanza kuzungumza habari za mvua. Mtu anayekusanya mema yako yote akakupa kwa mara moja, tena akakuambia usihangaike na kwamba haombi chochote, Namuria alimjua. Mumewe Longor alifanya hivyo siku tatu kabla hajafa.

"Anaaga," alisema kwa sauti ndogo. "Hoodo, mtoto wangu anaaga."

"Astaghfirullah! Wacha maneno hiyo."

"Hapo umeruka nini?" Alikuwa ameona kitu kwenye kioo. Baada ya maneno "kila mtu anamwandikia mama yake" palikuwa na visanduku vinne vitupu vimepangana, na mwishoni, kabla ya jina, vingine viwili.

"Hizi si maneno. Ni mapicha ya simu kubwa, maua, moyo, nini nini. Simu yako hii ndogo haiwezi kuonyesha, inaweka box."

"Au ndipo alipoficha jambo lenyewe."

Hoodo alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha. Akapiga ile namba mpya. Mteja hapatikani. Akapiga ya zamani, haikuingia kabisa. Walijaribu tena saa nane, wakajaribu tena saa moja jioni Hoodo akifunga duka, na kila mara yule dada wa mtandao aliwajibu kwa adabu ile ile. Namuria alichukia adabu hiyo kuliko matusi.

Jumatatu kulipopambazuka hakwenda kuchota maji ya choo cha kanisa. Alijifunga shuka, akachukua simu na kibuyu cha maziwa, akapata nafasi nyuma ya pikapu iliyokuwa ikipeleka mbuzi Lodwar. Huko Lodwar, mtaa wa Kanamkemer, alikuwako dada yake mkubwa Akuwam, na mtoto wa Akuwam aitwaye Lokiru, ambaye alikuwa amefanya kazi na Ebenyo katika kiwanda kimoja cha mikate Nairobi na kurudi mwezi uliopita. Kama kuna mtu anayejua Ebenyo anaumwa nini, au amefungwa wapi, ni Lokiru. Na kama Lokiru anaficha, Namuria alijua namna ya kumfinya mpaka aseme.

Njiani, mbuzi wakimkanyaga miguu, ndipo alipoanza kuogopa jambo jingine, na hili hakumwambia Hoodo wala mtu yeyote tangu lilipotokea.

Ni habari ya zile asubuhi za mtoni.

Ebenyo alikuwa na miaka minane. Kaka yake mkubwa alikuwa amekufa kwa kipindupindu, mbuzi hawakuwa na mchungaji, na Longor alikuwa ameamua. Shule imemla mtoto vya kutosha, alimwambia mkewe, kesho umrudishe. Namuria hakubisha. Asubuhi alimfuata mtoto ili amwite kabla hajavuka mto, kwa maana ng'ambo ya pili sauti isingemfikia. Alimfuata hadi kwenye ule mti. Akafungua mdomo. Mtoto alikuwa anatembea na daftari lake kichwani, na sauti haikutoka. Akarudi akamwambia mumewe, kesho. Kesho yake akaenda tena, akarudi, akasema kesho. Wiki nzima, kisha ya pili, mpaka Longor akachoka naye, akamkasirikia, akaenda kumwomba ndugu yake mtoto wa kuchunga.

Hayo ndiyo mapenzi aliyokuwa akishukuriwa. Hakwenda pale kumlinda mtoto na fisi. Alikwenda kumkamata. Miaka yote hii alijihesabia kitendo kile kuwa woga tu, uvivu wa mdomo, kutomtii mume na kutomsaidia mtoto pia. Na sasa kijana mzima, mwenye kazi Nairobi, anaandika kwamba kwa sababu ya asubuhi hizo yuko alipo. Ujumbe huo ulikuwa wa mama mwingine, mama mzuri, nao ulikuwa umefika kwenye simu yake kwa makosa.

Labda pia anajua, aliwaza. "Nilikuona. Hukusema kitu." Maneno hayo aliyageuza huku na huku mpaka Lodwar ikaonekana. Yaweza kuwa asante. Yaweza pia kuwa mtego, asali juu na ndoano chini: nilikuona, mama, najua ulichokuja kufanya. Na kama anaaga, basi amekusudia kufa akiwa amemwambia hilo.

Alishuka mjini, akabishana na mtu wa boda boda kwamba anampitisha njia ndefu (haikuwa ndefu), akafika Kanamkemer jua likiwa juu ya kichwa.

Dada yake alikuwa uani akisuka kikapu cha makuti ya mkoma. Akuwam alimwona tu akaacha kazi.

"Nani amekufa?"

"Bado hatujui," Namuria alisema. "Lokiru yuko wapi?"

Lokiru alitoka ndani akijifunga mshipi, kijana wa miaka ishirini na mingapi, kichwa kimenyolewa pembeni kwa mtindo wa Nairobi. "Mama mdogo! Umekuja bila kuniambia nikuchukue stage?"

"Kaa chini. Ebenyo anaumwa nini?"

"Ebenyo? Si ako poa?"

"Nimekuuliza anaumwa nini. Sijakuuliza kama anaumwa."

Lokiru alimtazama mama yake kama mtu anayetafuta mlango. Namuria akampa simu. "Soma. Soma kwa sauti, na usiruke."

Akasoma. Alipofika kwenye nyusi, Akuwam alicheka, maana yeye ndiye aliyempaka dada yake mafuta usiku ule. Alipofika kwenye shanga, kicheko kiliisha. Alipofika mtoni Lokiru mwenyewe alipunguza sauti, na Namuria akatazama chini. Kisha kijana akaanza kukuna shingo, akakwepa macho, akasema anaenda kuchukua maji.

"Unaona?" Namuria akamwambia dada yake. "Anajua kitu. Rudi hapa!"

"Mama mdogo, mimi sina kitu nimeficha, walahi."

"Mbona unatoka jasho?"

Akuwam ndiye aliyeelewa kwanza. Alikiweka kikapu kando taratibu. "Lokiru. Jana ilikuwa siku ya kina mama?"

"Eeh... ilikuwa."

"Na ujumbe wangu mimi uko wapi?"

"Lakini mama, si niko hapa hapa na wewe?"

"Hata ukiwa hapa! Ulishindwa kugeuza kichwa uniambie?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili Namuria alihisi kamba ya kifuani ikilegea kidogo. Kidogo tu. Alimwacha dada yake amalize kumkaripia kijana, kisha akauliza tena, polepole sasa, mbona mtu mzima mwenye afya aandike maneno kama hayo.

Lokiru akaketi, akasema. Kule kiwandani kulikuwa na kijana aitwaye Lual, Mdinka aliyekulia huko Kakuma, aliyekuwa akifanya zamu moja na Ebenyo kwenye oveni. Mwezi wa Machi mama yake Lual alifia kambini. Lual alikuwa akimpigia kila wiki, na kila wiki walizungumza dawa, chakula na kadi ya mgao, mpaka salio linaisha. Alipopata habari ya msiba alikaa juu ya magunia ya unga akasema, nimeongea na mama miaka sita na sijawahi kumwambia kitu.

"Hiyo maneno ilimkata Ebenyo sana," Lokiru alisema. "Akaniambia, kwa simu mimi siwezi. Nikipiga, mama ananiuliza kama huku mvua imenyesha, halafu anashuku nimefukuzwa kazi, halafu credit imeisha. Akasema ataandika. Nilimwona akiandika, anafuta, anaandika, anafuta. Ni Kiswahili ameandika juu anajua wewe unasomewa na Wasomali."

"Na simu yake mbona imezimwa?"

"Wanaoka usiku, mama mdogo. Saa kumi na moja jioni simu zote zinaachwa kwa askari wa gate. Asubuhi akitoka analala, anazima mpaka saa kumi. Kuna hiyo nafasi ndogo tu, saa kumi hadi kumi na moja. Ingoje."

Wakaingoja. Akuwam alipika chai, Namuria hakuinywa mpaka alipoona dada yake ameinywa kwanza, mazoea mabaya hayo. Saa kumi na dakika tano Lokiru alipiga, simu ikalia huko Nairobi, na sauti nzito ya usingizi ikasema haloo.

Namuria aliinyakua simu. Hakusalimu. "Mbuzi wa kwanza niliyekupa alikuwa rangi gani?" aliuliza kwa Kiturkana.

"Hukunipa mbuzi, mama. Ulinipa ndama wa ngamia mwenye upele, akafa."

Ni yeye. Akaketi juu ya makuti ya dada yake. Lakini maswali alikuwa ameyapanga, akayauliza yote. Unaumwa? Hapana. Umefungwa? Mama, mtu aliyefungwa angepokea simu? Umeoa bila kuniambia? Bado. Umeingia katika madhehebu gani? Yale yale. Na vile visanduku, uliandika nini ndani yake?

"Maua," Ebenyo alisema, akacheka. "Na mbuzi wawili. Nilisahau simu yako haina picha."

"Wawili mwishoni?"

"Eeh. Hao ni wako."

Angeweza kuishia hapo. Mtoto yu hai, ni mzima, hajafungwa. Safari ilikuwa imemaliza kazi yake. Akuwam alikuwa tayari anamwashiria ampe naye asalimie. Lakini Namuria alikuwa na aibu, na aibu hiyo ilikuwa imemkaba tangu kwenye pikapu, akaona kwamba akiacha sasa ataila sifa isiyo yake mpaka anaingia kaburini.

"Ebenyo. Uliyoandika kuhusu mtoni si kweli."

"Kivipi?"

"Sikuwa nakulinda. Baba yako alinituma nikurudishe kwa mbuzi. Kila asubuhi nilikuja kukuita. Usinishukuru kwa hilo. Futa hayo."

Namuria alisubiri. Alikuwa ameshajiandalia hasira ya mtoto, na ukimya pia, hata uwongo wa kumfariji, ambao angeutambua mara moja.

"Mama," Ebenyo alisema, "nyumba yetu ilikuwa ya makuti. Ulidhani ukuta ule ungezuia sauti ya baba? Nilimsikia akikuambia. Nilijua unakuja kuniita. Nilikuwa natembea polepole makusudi, mgongo umeniganda, nangoja jina langu. Ungeniita mara moja tu ningerudi. Kila siku nilifika ule mchanga wa katikati ya mto na hukuniita."

Namuria aliibana simu sikioni.

"Hayo ndiyo niliyoandika, mama. Sijakosea."

Alitafuta mahali pa kushuku. Aliyapekua maneno yale kama alivyozoea kupekua gunia, chini, kati na juu, asikute mchanga. Machozi yalimtoka mbele ya dada yake na mbele ya yule kijana wa mtindo wa Nairobi, naye hakujali. Alifurahi, furaha yenye maumivu ndani, ya mtu aliyeambiwa kwamba deni alilojilaumu nalo miaka yote halikuwahi kuwa deni.

Kwa mbali, kwenye simu, mtu aliita kwamba wa zamu watoke.

"Mama, naitwa. Nikupigie kesho?"

Namuria alifungua mdomo, na safari hii sauti ikatoka, kubwa, hata majirani wa Kanamkemer wakageuka.

"Nenda," alisema. "Nenda, mwanangu, usichelewe."